Muhtasari wa Mtahiniwa Mmoja Hauwezi Kuwa Benki ya Maswali ya Wote

Miongoni mwa wauguzi wetu wanaotafuta leseni ya kufanya kazi Marekani kumezuka biashara ndogo ambayo haijatazamwa kwa jicho la kitaalamu. Mtahiniwa mmoja anafaulu mtihani wa leseni. Madokezo aliyojiandikia miezi sita, yaliyofupishwa hadi kurasa arobaini au hamsini na kupangwa kwa nyanja za mtihani, yanapita mkono kwa mkono. Kisha mtu mwingine mwenye kompyuta na muda anayageuza kila mstari kuwa swali la kuchagua jibu, anayaita benki ya maswali, na kuyauza katika kundi la Wasapu. Bei si kubwa. Hasara yake ndiyo kubwa, na ndiyo ninayotaka kuijadili hapa.

Mtihani wenyewe ni NCLEX-RN, ambao kila muuguzi anayetaka kusajiliwa Marekani hana budi kuufaulu, awe amesomea Chicago au Bugando. Ada ya kujiandikisha ni dola 200, na anayeufanyia nje ya Marekani huongeza dola 150. Akianguka, husubiri siku zisizopungua 45 na kulipa upya. Dola 350 zikipotea mara mbili katika familia ambayo ilichanga ili binti yao afike kwenye kiti hicho cha mtihani, hatuna haki ya kusema kwamba ubora wa maswali aliyofanyia mazoezi ni jambo dogo.

Mimi si muuguzi. Ninafundisha upimaji wa elimu, na kazi yangu ni kuuliza swali moja tu kuhusu kila mtihani: mtu akijibu hivi, tunajua nini juu yake ambacho hatukukijua kabla? Mwaka jana muuguzi mmoja wa hospitali ya mkoa aliniletea benki ya maswali 640 aliyoinunua. Alikuwa ameimaliza mara mbili, mara ya pili akapata asilimia 91, na bado moyo wake haukutulia. “Daktari,” aliniambia, “ninajibu vizuri, lakini sihisi kwamba ninafikiri.” Nilimwomba mwenzangu mmoja ambaye ni mkufunzi wa uuguzi tuketi pamoja tuyapitie. Yote ya kitabibu ninayoyaeleza hapa chini yamepita mikononi mwake.

Nianze na mstari mmoja wa madokezo yale, kwa sababu ukiuelewa huo umeelewa ugonjwa wote. Ulisomeka hivi: “Digoksini: mapigo chini ya 60, usitoe.” Ni mstari wa kweli. Digoksini ni dawa ya moyo ambayo, pamoja na kuupa moyo nguvu ya kusukuma damu, hupunguza kasi yake. Kwa hiyo muuguzi husikiliza mapigo kifuani kwa dakika moja nzima kabla ya kuitoa, na kwa mtu mzima akikuta chini ya 60 huizuia na kumwarifu daktari. Aliyetengeneza benki aliuchukua mstari huo akaandika: “Muuguzi hatampa mtu mzima digoksini iwapo mapigo yake ya moyo kwa dakika yako chini ya: (A) 60 (B) 75 (C) 90 (D) 110.” Chini ya kichwa “Dawa”.

Swali hilo linapima nini? Linapima kama umeuona mstari. Aliyeuona atajibu kwa sekunde tatu. Asiyewahi kumgusa mgonjwa wa moyo maishani mwake, lakini akausoma mstari huo jana usiku, atajibu kwa sekunde hizo hizo tatu.

Sasa tumlete mgonjwa. Mwanamke wa miaka 78, moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, anatumia digoksini na furosemaidi, ile dawa ya kutoa maji mwilini. Kwa siku mbili hana hamu ya kula, ana kichefuchefu, na anasema taa za wodini zimezungukwa na duara la manjano. Mapigo yake ni 64. Majibu ya maabara yanaonyesha potasiamu 2.9, ilhali kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0. Saa ya dawa imefika. Muuguzi afanye nini kwanza: ampe digoksini kwa kuwa mapigo yamezidi 60, ampe dawa ya kichefuchefu iliyoandikwa na kumwangalia, azuie digoksini na kumwarifu daktari, au amhimize kula ndizi na vyakula vingine vyenye potasiamu kisha ampe digoksini yake?

Mwenye kuushika mstari wa madokezo atachagua jibu la kwanza, naye atakuwa anampa sumu mgonjwa ambaye tayari ameanza kuonyesha dalili za sumu hiyo. Furosemaidi imemtoa potasiamu pamoja na maji. Potasiamu na digoksini hugombea mahali pamoja kwenye pampu za chembe za moyo; potasiamu ikipungua, digoksini hujishikiza kwa wingi zaidi, na dozi iliyokuwa salama wiki iliyopita inakuwa hatari leo. Kukosa hamu ya kula, kichefuchefu na kuona manjano ni kengele za mwanzo. Mapigo 64 hayamkingi. Jibu ni la tatu: zuia dawa, mwarifu daktari, na utarajie kwamba ataagiza kipimo cha kiasi cha digoksini katika damu na kipimo cha umeme wa moyo.

Natumaini msomaji ameliona jambo lenyewe. Mstari ule haukuwa na kosa, na mwenye madokezo hakuwa na kosa. Yeye alipouandika alijua yaliyouzunguka: alikuwa amesoma sura nzima, akaacha alama fupi ya kumkumbusha. Muhtasari ni kamba iliyofungwa kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja. Ukiikata kamba hiyo na kumpa mtu mwingine, amepata kipande cha kamba. Kinachopotea kwanza wakati wa kufupisha ni maneno “isipokuwa”, “iwapo” na “kwa sababu”, na mtihani wa leseni hutafuta hasa maneno hayo matatu. Hauulizi kama unajua kanuni. Unauliza kama utaitambua siku ambayo kanuni haitoshi.

Katika benki ile palikuwa na mstari mwingine wa namna hiyo: “Sukari chini ya 70, hatari.” Sabini ya nini? Hospitali za Marekani hupima sukari ya damu kwa miligramu katika desilita, na kwa kipimo hicho 70 ndiyo mpaka wa chini. Hospitali zetu hupima kwa milimoli katika lita, na mpaka huo huo ni 3.9. Mwenye madokezo hakuandika kipimo kwa sababu alijua anazungumzia nini. Mwenye benki naye hakukiandika, kwa sababu hakujua kwamba kuna cha kuandika.

Jambo la pili ni huo mpangilio wa nyanja. Wanaouza benki hizi huutangaza kama sifa kuu: maswali yamepangwa kwa nyanja zote nane za mtihani. Kwa mtu anayesoma, mpangilio huo unafaa. Kwa mtu anayejipima, unamnyima jambo ambalo atalihitaji zaidi kuliko yote. Mgonjwa wetu wa digoksini ni wa nyanja ipi? Dawa, utasema. Lakini potasiamu yake ni jambo la maji na chumvi za mwili, ambalo liko katika nyanja nyingine. Kusoma majibu ya maabara na kuzuia madhara kuna nyanja yake. Na kuamua lipi litangulie ni la usimamizi wa huduma. Swali likiwekwa chini ya kichwa “Dawa”, mtahiniwa ameambiwa atazame dawa kabla hajasoma neno la kwanza. Ndani ya chumba cha mtihani hakuna kichwa. Wodini pia hakuna.

Mpangilio huo una tatizo jingine ambalo ni rahisi kulipima, nami nilihesabu. Waandaaji wa mtihani hutangaza hadharani uzito wa kila nyanja. Katika mwongozo ulioanza kutumika Aprili 2023, usimamizi wa huduma una asilimia 15 hadi 21 ya maswali, ndiyo nyanja yenye uzito kuliko zote. Dawa na tiba za mishipani zina 13 hadi 19. Katika benki ile ya maswali 640, dawa zilikuwa na maswali 214, yaani theluthi moja. Usimamizi wa huduma ulikuwa na 31, ambayo hayafiki asilimia 5.

Kwa nini? Kwa sababu madokezo hunenepa palipo rahisi kuandikika. Jina la dawa, kazi yake, madhara yake, tarakimu yake: hayo yanaingia kwenye mstari bila shida. Namna ya kugawa kazi kati ya muuguzi aliyesajiliwa na mhudumu msaidizi haiingii kwenye mstari. Na hapo ndipo wauguzi wetu wanapohitaji msaada zaidi, si kwa sababu ni wazito wa akili, bali kwa sababu mtihani unadhani wodi tofauti na ile waliyolelewa ndani yake. Katika wodi zetu nyingi anayemwogesha mgonjwa na kumlisha ni dada yake au mama yake aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Wodi ya mtihani ina mhudumu msaidizi anayelipwa, naye muuguzi aliyesajiliwa anawajibika kwa kila anachomkabidhi.

Madokezo yalikuwa na mstari mmoja kuhusu hilo: “Kulisha, kuogesha, kupima mkojo: msaidizi.” Mwenzangu mkufunzi aliusoma akaguna, kisha akaniandikia swali. Ni kazi ipi kati ya hizi ambayo muuguzi atamkabidhi mhudumu msaidizi: kumlisha chakula cha mchana mgonjwa aliyelazwa asubuhi ya leo kwa kiharusi, kumwogesha mgonjwa wa kiharusi aliye katika siku ya tano na hali yake imetulia, kumweleza mgonjwa namna ya kujidunga insulini, au kuuliza kama maumivu yamepungua kwa mgonjwa aliyepewa mofini nusu saa iliyopita? Kwa mujibu wa mstari wa madokezo, la kwanza na la pili yote ni sahihi. Lakini mgonjwa wa asubuhi ya leo hajapimwa uwezo wa kumeza. Kijiko cha kwanza cha uji kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Kumlisha, ambayo kwa mgonjwa mwingine ni kazi ya msaidizi, kwake haijawa kazi ya msaidizi. Jibu ni la pili.

Tazameni tena swali hilo, hasa majibu yake yasiyo sahihi. Katika taaluma yetu huitwa vipotoshi, nami siku zote huwaambia wanafunzi wangu kwamba hapo ndipo mtungaji hujulikana. Kipotoshi chema ni kosa ambalo mtu mwenye ujuzi nusu angelifanya kweli. Jibu la kwanza hapo juu ni kosa la aina hiyo. Sasa linganisheni na 75, 90 na 110 za swali la digoksini. Hakuna muuguzi duniani ambaye amewahi kukosea kwa kuamini 110. Nambari hizo zimewekwa kujaza nafasi.

Benki iliyotengenezwa kutokana na muhtasari hukosa vipotoshi vya kweli kwa sababu muhtasari hauhifadhi makosa. Mtu anapoandika madokezo huandika alichokipata, haandiki alichokosea akiwa njiani kukipata. Kwa hiyo mwenye benki huokota mistari ya jirani na kuifanya vipotoshi, huku jibu sahihi akilinakili neno kwa neno, na mara nyingi likawa ndilo refu zaidi. Ipo njia nyepesi ya kuligundua hilo. Mpe maswali mtu asiyejua fani. Nilimpa mwenzangu wa idara ya historia maswali 40 niliyoyachukua bila kuchagua, yenye majibu manne kila moja, nikamwambia asijaribu kuelewa bali achague jibu lililoandikwa kwa uangalifu zaidi. Kwa kubahatisha tu angetarajiwa kupata 10. Alipata 22. Tangu siku hiyo anaomba tumwite Sista, nasi tumemkubalia.

Hapo msomaji anaweza kuuliza: basi ile asilimia 91 ina maana gani? Ina maana ndogo sana, na sababu moja iko katika namna mtihani wenyewe unavyofanya kazi. NCLEX-RN haumpi kila mtahiniwa maswali yale yale. Kompyuta hukadiria uwezo wako baada ya kila jibu, kisha hukuletea swali ambalo kwa makadirio hayo una uwezekano wa takriban nusu kwa nusu kulijibu. Ukipata, linalofuata ni gumu zaidi. Ukikosa, ni jepesi zaidi. Huacha pale inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu au chini ya kiwango kinachotakiwa, kati ya swali la 85 na la 150, ndani ya saa tano. Maana yake ni kwamba aliyefaulu vizuri na aliyeanguka wanaweza wote kutoka wakiwa wamekosa karibu nusu ya maswali; tofauti yao ni ugumu wa yale waliyoyakosa. Mtu aliyezoea kupata 91 nyumbani huingia mle, akahisi kila swali la pili linamshinda, akadhani ameanguka kumbe anapanda. Nimeambiwa na zaidi ya mmoja kwamba hofu hiyo ndiyo iliyowaharibia saa ya tatu na ya nne.

Na kuipitia benki mara ya pili hupima kumbukumbu ya benki. Mteja wangu yule (sijui nimwite nani, maana hakunilipa) alikuwa akikumbuka hata herufi ya jibu.

Kabla sijaenda mbele niseme neno moja juu ya madokezo ya namna nyingine, yale yanayoandikwa baada ya kutoka kwenye chumba cha mtihani, mtu akiwa bado anakumbuka alichoulizwa. Hayo ni jambo jingine kabisa. Kila mtahiniwa hukubali masharti ya kutotoa maswali nje kabla hajaanza, na anayeuza “maswali yaliyotoka” anauza kitu kisicho chake na anahatarisha leseni yake na ya mnunuzi. Ninachokizungumzia hapa ni madokezo halali ya mtu aliyesoma vitabu.

Madokezo hayo halali yanaweza kuwa malighafi njema, na hilo ndilo tulilolifanya na muuguzi wetu kwa wiki nane. Tulianza kwa kuyaweka maswali pembeni na kurudi kwenye mistari. Kila mstari ulipitishwa mbele ya maswali mawili: kwa nini iko hivi, na ni lini haiko hivi? Mstari uliokosa jibu la swali la pili uliachwa kuwa kadi ya kukariri, na hakuna aibu katika hilo, kwa maana kiwango cha kawaida cha potasiamu hukaririwa tu. Mstari uliopata jibu ulizaa mgonjwa: umri, ugonjwa, dawa anazotumia, jambo moja linalovuta kuelekea kwenye kanuni na jambo moja linaloivunja. Vipotoshi tuliviokota kutoka kwa watu. Mkufunzi aliwauliza wanafunzi wake wa mwaka wa tatu swali lile lile bila majibu ya kuchagua, na makosa waliyoyaandika kwa mikono yao ndiyo yaliyokuwa vipotoshi. Kisha muuguzi mwingine, asiyeona ufunguo, alijibu kila swali na kueleza sababu. Walipotofautiana na ufunguo, mara nyingi swali ndilo lililokuwa na kasoro.

Nyanja hatukuzitupa. Tuliziandika nyuma ya swali, zionekane baada ya kujibu. Mtahiniwa hufanya maswali 30 yaliyochanganywa, kisha hugeuza na kuona kwamba kati ya tisa aliyokosa, sita yalikuwa ya usimamizi wa huduma. Hapo nyanja imempa habari. Ikiandikwa mbele, inampa jibu.

Kazi hiyo ni ya polepole. Swali moja jema lilitugharimu karibu saa moja, tukihesabu na mabishano. Ndiyo maana siwalaumu sana vijana wanaouza benki za maswali 640. Mtu mmoja hawezi kuandika 640 kwa njia hii na bado akala. Ninaoshangaa ni wengine. Vyuo vyetu vya uuguzi vina wakufunzi, vina wanafunzi wanaokosea kila siku, vina wahitimu walio katika wodi za ng’ambo wanaojua wodi hizo zikoje. Kila kinachohitajika kutengeneza benki ya kweli kiko humo, na hakuna anayekikusanya, kwa sababu aliyehitimu akaondoka hahesabiwi tena kuwa mwanafunzi wa mtu. Serikali yetu inapenda kuzungumzia ajira za nje na fedha zinazotumwa nyumbani. Katika mazungumzo hayo sijasikia hata mara moja swali la nani anamwandaa muuguzi kwa mtihani unaomruhusu kufanya kazi hiyo, na kwa maswali ya nani.

Katika yale 640 tulibakiza 118, na zaidi ya nusu ya hayo yameandikwa upya kiasi kwamba mwenye madokezo asingeyatambua. Usimamizi wa huduma bado una 19 tu, na mkufunzi anaendelea kuandika mengine Jumamosi. Muuguzi wetu alipoyafanya yaliyochanganywa kwa mara ya kwanza alipata asilimia 54. Alinyamaza kidogo, akaomba karatasi, akaanza kuandika upande mmoja maswali aliyokosa kwa kutojua na upande wa pili yale aliyokosa kwa kutosoma vizuri hali ya mgonjwa. Upande wa pili ulijaa kwanza.